Kijiko Nilichochelewa Kukiweka Mezani

Mkono wangu ni mkono wa ugali, na sijawahi kuuonea haya. Nimesonga ugali tangu nina miaka saba, sufuria nimeibana kwa miguu, mwiko nimeushika kwa mikono miwili. Sasa mtu wa namna hiyo mpe povu la mayai, umwambie alichanganye na rojo zito bila kulivunja, halafu uone atakachofanya. Mimi nilifanya nilichokijua. Nilikamata mwiko nikasonga. Dakika mbili hazikupita, povu lililokuwa limejaa bakuli likawa majimaji ya njano, na baba mkwe wangu, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa meza, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Mama," aliniambia, "hapo umepika uji. Uji mzuri, lakini ni uji."

Hiyo ilikuwa Mpanda, katika jiko la masista, miaka ya sabini inaanza. Baba mkwe ndiye aliyekuwa mpishi pale. Alianza kupikia Wazungu wa mgodini akiwa kijana, mgodi ulipofungwa masista wakamchukua, na mpaka mimi naingia jikoni alikuwa hajui kazi nyingine duniani. Mimi niliingia kwa sababu ya mwanawe, yaani mume wangu. Alipanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi, akaandika barua moja, ya pili hakuandika. Nilikuwa na watoto wawili na nusu shamba kule Kabungu. Mzee hakunisema wala hakumtetea mwanawe. Alikwenda kwa Sista aliyesimamia nyumba akamwambia anahitaji mtu wa pili jikoni, na mtu huyo ni mimi.

Watu walisema sana. Kwetu mwanamke hakai chumba kimoja na baba mkwe wake hivihivi, sembuse kupika naye sufuria moja. Humshiki mkono. Humpi kitu mkononi, unakiweka mahali naye anakichukua. Humwiti kwa jina, humwamrishi, humkatizi, na akipita njiani unapisha. Mama yangu mzazi alikuja kwa miguu kutoka kijijini kuniuliza kama nimerogwa. Nilimjibu kwamba wanangu wanakula mara mbili kwa siku, na kama uchawi ni huo basi nimeupenda. Nina mdomo mimi, sikatai. Mama akala, akarudi kwao.

Tulivyofanya ni hivi: tuliiweka meza katikati. Meza ya mninga, ndefu, imechubuka kwa visu. Yeye upande wa dirishani, mimi upande wa jiko la kuni. Akitaka chumvi anasema "chumvi," mimi naiweka mezani, yeye anaiokota. Miaka minne tulifanya kazi hivyo na sikumgusa hata ukucha. Alinifundisha kukata, kukaanga, kuoka mkate, yote kwa maneno tu, na nikikosea anajipiga yeye mwenyewe kofi la mkono kana kwamba ni wangu.

Katika vyote alivyopika, kimoja ndicho kilichompa jina. Masista walikiita sufle. Ni chakula cha mayai na jibini kinachovimba ndani ya oveni mpaka kinatoka nje ya bakuli lake, chepesi, na ukichelewa kukila kinakaa chini. Jibini ilikuwa ya kopo, ikija kwa treni pamoja na mishumaa na vitabu vya sala, kwa hiyo hakikupikwa ovyo. Kilipikwa Pasaka, Krismasi, na akija mgeni wa heshima.

Naomba nikieleze, maana bila kukielewa hutaelewa nilichokifanya.

Kwanza unayeyusha siagi, unakaanga unga wa ngano humo, unatia maziwa ya moto kidogo kidogo mpaka upate rojo zito. Unaepua. Rojo likipoa kiasi cha kuvumilika na kidole, unatia viini vya mayai na jibini iliyokunwa. Hiyo mtu yeyote ataiweza. Kazi iko kwenye ute. Unatenga ute na kiini, na tone moja la kiini likiingia kwenye ute, au bakuli likiwa na mafuta hata ya kidole, ute hautaumuka ng'o, utaupiga mpaka jua lizame. Ukiwa safi, unautia chumvi kidogo na tone la ndimu, unaupiga kwa chombo cha waya. Unatoka povu jepesi, halafu linakuwa jeupe, halafu ukiinua waya kinasimama kijilima kinachong'aa, ncha yake inainama kidogo tu. Hapo unaacha. Ukizidisha, linakatika madonge na halitakusaidia tena.

Halafu ndipo unalipeleka povu kwenye rojo. Rojo ni zito, povu ni hewa tupu iliyoshikwa na ngozi nyembamba ya ute. Unachukua kwanza robo ya povu, hiyo unaichanganya tu bila huruma, ili rojo lilegee. Lililobaki unalimimina juu, na hapo hukorogi. Unashika kijiko kikubwa, unakata katikati mpaka chini, unapita sakafu ya bakuli, unapanda ukutani, unapindua rojo liwe juu ya povu. Unazungusha bakuli robo mzunguko, unakata tena. Mzee aliita kukunja. "Kama unavyokunja kanga ya mtoto aliyelala ndani yake," aliniambia, nami nikaelewa siku hiyohiyo, maana nilikuwa na mtoto wa kulala kwenye kanga.

Na jambo gumu kuliko yote ni kuacha. Kila unapokunja unachanganya, na kila unapokunja unavunja hewa. Ukiacha mapema mno, madonge ya povu yanabaki peke yake. Ukiendelea mpaka rangi iwe moja kabisa, safi ya kupendeza macho, umeshachelewa, hewa imekwenda zake. Unaacha bado kuna michirizi miembamba myeupe. Unaiona, inakukera, mkono unawasha, na unaacha hivyo hivyo.

"Mwanamke wa ugali hapendi kuacha michirizi," mzee alinitania. "Ataona wageni watasema mchafu."

Mwaka wa nne nilianza kuona vitu. Alikuwa akimimina chai, anaweka kidole kwenye ukingo wa kikombe ajue kimejaa. Dirisha lilikuwa upande wake, lakini alianza kugeuza uso pembeni akikata vitunguu, kama mtu anayemwangalia mtu mwingine. Siku moja aliniwekea mezani bakuli la ute ili niupige, na ndani kulikuwa na kiini kimechanika, cha njano kabisa, kila mtu angekiona. Nilikitazama, nikamtazama yeye. Alikuwa ananikenulia meno akiwa amefurahi.

Nilimwaga ule ute kwenye sufuria ya mayai ya asubuhi, nikatenga mwingine kimyakimya. Sikusema. Mkwe hamwambii mkwe wake kwamba haoni.

Lakini kwenye kukunja sikuweza kumsaidia kimyakimya. Michirizi ile lazima aione aliyeshika kijiko. Pasaka ya mwaka ule alikunja, akakunja, mkono wake ukiwa mzuri kama siku zote, mwepesi, usio na haraka, lakini haukuacha. Sufle ilipotoka ilikuwa imevimba upande mmoja tu, na haikufika mezani kwa masista bila kulala. Sista aliyesimamia nyumba alikuja jikoni baadaye. Alikuwa mama wa Kizungu mrefu, mkali wa sura lakini mwenye haki, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi yetu. Alisema labda oveni haikuwa moto. Mzee akasema labda. Mimi nilikuwa nimepima oveni mwenyewe kwa kutupa unga kwenye bati, na unga ulikuwa umegeuka kahawia kama inavyotakiwa. Nikageukia masufuria.

Sista alipotoka, mzee alikaa kwenye kiti chake cha dirishani akafuta mikono kwa aproni muda mrefu.

"Mama," alisema, "unajua."

"Najua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kiini."

Alicheka kidogo. "Kumbe kilikuwemo. Nilisikia ulivyochelewa kuanza kupiga." Halafu akasema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo, ndivyo wanavyosema. Wanaosema hivyo wanaona."

Siku hiyo tulipatana. Mimi nisingeweza kumshika mkono, wala kumwambia "acha," kwa maana hilo ni kumwamrisha, na zaidi, Sista angesikia na kuuliza kwa nini mpishi wa miaka yote anaambiwa aache. Kwa hiyo tulichagua kijiko. Nitakaa upande wangu na kijiko cha chai mkononi, kama mtu anayesubiri kuonja. Michirizi ikifika pale inapotakiwa, nitakiweka mezani. Kitagonga mninga, tok, naye ataacha. Hakuna atakayejua. Kijiko kinawekwa mezani mara mia kwa siku.

Tulijaribu na mayai matatu, Sista akiwa kanisani. Tok. Akaacha. Sufle ilipanda vidole vinne juu ya ukingo wa bakuli. Tulikula sisi wawili, yeye upande wake, mimi upande wangu, na alikula akilamba kijiko mpaka mwisho. Nadhani sijawahi kumwona na furaha kama ile. Krismasi tukafanya hivyo, masista wakapiga makofi, na Sista akaja kumpa mkono. Mimi nilisimama nyuma na kijiko changu mfukoni mwa aproni, nikiwa najiona mtu.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu.

Mvua zilipokuwa zinaisha, Sista aliniita varandani, peke yangu. Aliniambia Mama Mkuu wa shirika lao anakuja kutoka Ulaya, atakaa siku tatu. Aliniambia pia kwamba hali ya nyumba si nzuri, vitu vimeadimika, masista wawili wanahamishwa, na kuanzia mwezi utakaofuata jiko litakuwa na mpishi mmoja tu.

"Mzee ametutumikia miaka mingi," alisema. "Siwezi kumwondoa bila sababu. Kama kazi yake bado ni nzuri, atabaki yeye, na wewe nitakuombea Mungu. Lakini nimeona Pasaka ile. Nitasimama jikoni Mama Mkuu atakapokuja, nione kwa macho yangu. Usimwambie, asije akatetemeka."

Nilimwitikia. Nilirudi jikoni, nikaendelea kuchambua mchele, na mzee akaniuliza Sista alitaka nini. Nikasema mgeni anakuja, tupike sufle. Alifurahi. Alianza palepale kuulizia mayai, maana mayai ya kienyeji ni madogo, tungehitaji kumi na mawili.

Usiku sikulala, na sitaki kuusimulia huo usiku, kila mama aliyewahi kuangalia watoto wamelala anaujua. Asubuhi nilikuwa nimejiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba yeye ni mzee, mimi nina watoto. Kwamba macho yakiisha yameisha, leo au kesho Sista atajua. Kwamba mwanawe ndiye aliyenitupa. Hilo la mwisho ndilo lililonipa hasira, na hasira ilinifaa, ilinifanya nisijisikie mbaya. Na katika yote hayo sikuamua kitu. Naapa sikuamua. Nilikwenda kazini nikiwa sijui nitafanya nini, na hilo silitaji ili nisamehewe, nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Treni ilichelewa siku nzima, kama kawaida yake. Mama Mkuu alifika kesho yake asubuhi, mama mfupi mwenye miwani, amejaa vumbi, akicheka na kila mtu. Chakula cha mchana kilipangwa saa saba. Saa sita nilikuwa nimewasha oveni kwa kuni kavu za porini, nimepaka bakuli siagi na kulinyunyizia unga. Mzee alitengeneza rojo. Mayai nilitenga mimi, nikayapiga mimi, ute ukasimama, ukang'aa. Niliuweka mezani.

Sista akaingia. Alisimama karibu na kabati la vyombo, mikono ndani ya mikono ya gauni lake. Mzee alimsikia hatua zake, akamwamkia, akasema karibu Sista, leo utaona. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na shaka hata kidogo. Halafu akageuza uso upande wangu, kidogo tu, kama anasikiliza.

Nilitoa kijiko mfukoni.

Alichukua robo ya kwanza, akachanganya. Akamimina lililobaki. Akakata katikati, akapita chini, akapanda, akapindua. Akazungusha bakuli. Sijui kama umewahi kumwona mtu anayejua kazi yake akiifanya. Kijiko chake hakikugonga ukuta wa bakuli hata mara moja. Madonge makubwa ya povu yakawa madogo, madogo yakawa michirizi minene, minene ikawa miembamba. Ikafika pale. Niliiona imefika. Ilikuwa michirizi minne au mitano, kama uzi wa kushonea.

Kijiko changu kilikuwa hewani, kiganja kimoja tu kutoka mezani. Sikukiweka.

Alikunja tena. Nikasema moyoni, sasa. Sikukiweka. Alikunja tena. Uzi mmoja uliobaki ukapotea, rangi ikawa moja, njano laini ya kupendeza, na mimi nikaona vipovu vidogo vinapasuka juu pembeni mwa bakuli, vit, vit, kimoja kimoja. Povu lilikuwa linashuka bakulini. Mzee alikunja. Nilimwona kidole chake kidogo kinacheza kwenye mpini, kama mtu anayebisha hodi mlango usiofunguliwa. Hakugeuka kunitazama, angetazama nini. Alikunja tena mara mbili, tatu, polepole zaidi kila mara.

Ndipo nikakiweka. Tok.

Aliacha palepale. Alimimina kwenye bakuli la kuokea, akapitisha kidole gumba ukingoni pande zote, ili ipande sawa, kazi ya ufundi ile, kwa kitu ambacho hakingepanda. Akakiweka mezani. Mimi nikakichukua nikakitia ovenini. Tulingoja bila kufungua mlango, watu watatu, nusu saa nzima.

Ilitoka imeinuka kidogo katikati na kukaa. Nzito, imara, kama mkate wa mayai. Sista aliitazama, kisha akanitazama mimi, kisha akabeba mwenyewe kwenda kwa mgeni. Baadaye nilisikia kwamba Mama Mkuu alikula yote na kusifu jibini.

Mzee hakungoja kuambiwa. Sista aliporudi, alisimama akavua aproni yake. Alisema, "Sista, macho yangu yamekwisha. Yana mwaka sasa. Huyu mtoto amekuwa akinisaidia na mimi ndiye niliyemkataza kusema. Leo hakukosea kitu, mayai yalikuwa mazuri, oveni ilikuwa nzuri. Aliyekunja ni mimi." Alikunja aproni mara nne, akaiweka mezani upande wangu. Sista alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekishika kijiko kwa nguvu mpaka kikanichora kiganja.

Kwa hiyo jiko likawa langu. Walimpa blanketi, redio, na gari la misheni likampeleka Kabungu. Nilipika pale miaka mingi. Nilikuwa mpishi mzuri, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Wanangu walisoma. Nilipopika sufle niliacha michirizi, ilipanda, nikasifiwa, na kila niliposifiwa nilihisi mtu amesimama upande wa dirishani.

Nilikwenda kumwona baada ya miezi mitatu. Nilikawia, najua. Nilibeba unga, sukari, mayai kumi na mawili, na nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nitamwambia. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya ndugu yake, redio pembeni, amekonda. Binti yangu mkubwa nilikuwa naye. Mzee alikuwa haoni kabisa sasa, hata mwanga. Ilibidi ashikwe mkono kwenda chooni, na mimi nisingeweza kumshika, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyemwongoza, naye alicheka akisema Babu unanipeleka wewe au nakupeleka mimi. Nilikaa mkekani mbali naye, kama inavyotakiwa.

Alinihoji habari za jiko. Kama oveni bado inavuja moshi. Kama jibini ilikuja. Kisha akaweka mikono yake juu ya magoti, na mkono wa kulia nikauona unasogea kidogo, unakata, unapita chini, unapindua.

"Unajua, Mama," akasema, "mkono nao una macho yake. Siku ile ya mgeni, rojo lilipoanza kuwa jepesi kwenye kijiko, mkono uliniambia acha. Uliniambia wazi kabisa. Nikauambia nyamaza, mkwe wangu hajasema."

Redio ilikuwa inasema habari, sikumbuki za nini.

"Nikakungoja," alisema. "Nikasema yeye anaona, mimi sioni, nimwamini nani? Ukichelewa, najua bado." Akatabasamu upande ambao sikuwepo. "Usijilaumu. Uliogopa Sista, sivyo? Mtu akisimamiwa na mkubwa mkono unakuwa mzito."

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimetembea na maneno ya kuungama kichwani kutoka mjini mpaka pale. Mimi, mwenye mdomo, niliyemjibu mama yangu mzazi, niliyewahi kumjibu hata padri. Nilimtazama yule mzee aliyezima mkono wake mwenyewe ili anisikilize mimi.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Niliogopa Sista."

"Nilijua," alisema, naye akaonekana ametua mzigo.

Alifariki kabla ya mvua nyingine. Nilipika msibani, ugali wa watu wengi, sufuria kubwa, na nilisonga kwa nguvu zangu zote mpaka wanawake wenzangu wakaniambia inatosha, umeiva, acha.